Kigugumizi cha Mtoto Mdogo: Mzazi Ajibu Vipi?

Chukulia mtoto wa miaka 3 mjini Tanga anayesema, "Ma-ma-mama, n-n-nataka uji." Bibi yake humwambia, "Vuta pumzi, sema polepole." Nia ni njema, lakini agizo hilo humfanya mtoto ahisi amekosea, akaanza kuyaogopa maneno yenyewe.

Kigugumizi huanza zaidi kati ya miaka 2 na 5. Hutokana na namna ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi hurithiwa. Hakiletwi na kutekenywa wala kuiga wenzake.

Jibu linalofaa ni hili: mama humtazama, humngoja amalize bila kumkamilishia neno, hutulia sekunde moja au mbili, kisha husema kwa utaratibu, "Aa, unataka uji. Haya, tukae." Hujibu alichosema mtoto, si namna alivyokisema. Kaka na dada nao hungoja zamu yao.

Watoto wengi hupona wenyewe. Hata hivyo, rufaa inahitajika iwapo kigugumizi kimedumu miezi 6 au zaidi, au ukoo una mtu mzima aliyebaki nacho. Sauti ikikwama huku uso ukikaza, au mtoto akianza kukwepa kusema, asisubirishwe hata miezi hiyo. Mhudumu wa zahanati amwandikie rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ili apimwe usikivu na kupangiwa njia ya kumfikia mtaalamu wa tiba ya usemi.