Cheki ya Tatu

Mtu aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi Dar es Salaam au Nairobi, akipata kazi Marekani hukutana na kalenda nyingine kabisa. Kwenye maghala, viwanda na nyumba za kutunzia wazee, ambako Waswahili wengi huanzia, waajiri wengi hulipa kila baada ya wiki mbili, siku ileile ya wiki, aghalabu Ijumaa. Siku ya malipo haibadiliki, bali tarehe ndiyo inayotembea: Januari 2026 ni tarehe 9 na 23, Februari ni 6 na 20. Mara mbili kwa mwaka hutokea mwezi wenye cheki tatu, na watu huusubiri kwa hamu. Wengi wanaisoma vibaya cheki hiyo, na nimeona familia zikiumia kwa sababu hiyo.

Kwanza mtu ajue analipwa kwa mtindo gani. Kama pesa huingia tarehe 15 na siku ya mwisho ya mwezi, hizo ni cheki 24 kwa mwaka, na cheki ya tatu haitakuja kamwe. Kama huingia Ijumaa moja baada ya kuruka nyingine, hizo ni cheki 26. Atazame pia karatasi yake ya malipo: siku ya kulipwa huwa nyuma ya siku zilizofanyiwa kazi, mara nyingi kwa wiki nzima. Ndiyo maana anayeanza kazi leo anaweza kukaa wiki tatu kabla ya kuona senti.

Tuchukue mfano wa dada anayehudumia wazee mjini Dallas, Texas, kwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Kwa wiki mbili ni dola 1,440. Ikikatwa kodi ya serikali kuu, makato ya pensheni na ya matibabu ya uzeeni, pamoja na bima ya afya, tuseme zinabaki dola 1,200. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo hesabu inaishia hapo.

Mtego wa kwanza unamngoja kwenye ofisi ya nyumba za kupanga. Karani huchukua 1,440, huzidisha kwa 26 na kugawanya kwa 12, anapata dola 3,120 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi hutaka kipato kiwe mara tatu ya pango, kwa hiyo dada huyu anakubaliwa nyumba ya dola 1,000 bila shida. Hesabu ya karani haina kosa, lakini ni ya mwaka mzima kabla ya makato. Katika miezi kumi kati ya kumi na miwili, pesa inayomfikia mkononi ni cheki mbili, yaani dola 2,400. Akijipangia maisha ya dola 2,600, ambazo ni wastani wake halisi baada ya makato, kila mwezi wa kawaida atapungukiwa dola 200. Hizo atazikopa kwa kadi akitegemea cheki ya tatu, na cheki ya tatu itakapofika itakuwa na wenyewe.

Matumizi yake yana mienendo miwili. Pango la 1,000, umeme na simu 160, bima ya gari 140: jumla ni 1,300, na bili hizi huja mara moja kwa mwezi. Chakula na mafuta ya gari havijui mwezi, vinakwenda kwa siku. Vinakula kama dola 350 kila siku 14, mwezi uwe wa cheki mbili au tatu. Kwa hiyo akiwa na nidhamu, kila cheki ya 1,200 anaigawa hivi: 650 ni nusu ya bili za mwezi ujao, 350 ni chakula na mafuta hadi Ijumaa ya malipo inayofuata, na 200 zinabaki za kutuma nyumbani na kuweka akiba.

Sasa tuangalie Mei 2026. Cheki zinaingia tarehe 1, 15 na 29. Bili za Mei zilishatengewa fedha kutoka cheki mbili za Aprili. Cheki za Mei 1 na 15 zinatenga 1,300 za bili za Juni. Cheki ya 29 haina bili ya kubeba, kwa sababu zile za Julai zitabebwa na cheki za Juni 12 na 26. Lakini dola 350 za chakula zinahitajika palepale, maana kati ya Mei 29 na Juni 12 watu wanakula kama kawaida. Kilicho huru ni ile nusu ya bili tu, dola 650, ukiacha zile 200 za kawaida. Anayedhani amepata dola 1,200 za bure akanunua televisheni, wiki ya kwanza ya Juni atakopa unga.

Waajiri wengine hukata bima ya afya kwenye cheki 24 tu na kuziacha mbili, ndipo cheki ya tatu huwa nono kidogo. Wengine hukata zote 26. Karatasi ya malipo itaonyesha.

Mwezi mwingine wa cheki tatu kwa ratiba hii ni Oktoba: tarehe 2, 16 na 30. Nazo 650 nyingine zinabaki. Ukijumlisha za Mei na za Oktoba unapata 1,300, bili za mwezi mmoja kamili, bila senti kuzidi wala kupungua. Haikutokea kwa bahati. Nusu 26 ni miezi 13, na mwaka una miezi 12.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya cheki hizi. Akiziweka zote mbili kwenye akaunti ya pembeni, kuanzia Novemba ana bili za mwezi mzima mkononi kabla ya kuhitajika. Pango la tarehe 1 haliulizi tena kama Ijumaa imefika. Wale wasiofikia hapo huishi kwa mtindo wa cheki moja ya pango na moja ya chakula: cheki ya mwisho wa mwezi inamezwa na pango la 1,000, na nyumba inaishi kwa dola 200 kwa siku 14. Mwenye mwezi mmoja mbele anaweza pia kumwahidi mama yake aliye Morogoro tarehe moja ya kupokea pesa, badala ya kumwambia kila mara asubiri wiki ijayo.

Wanaolipwa kila wiki hupata cheki 52, na miezi minne ya mwaka huwa na cheki tano. Kanuni ni ileile, ila kila cheki hutenga robo ya bili, na pengo la chakula halizidi siku saba. Anayelipwa kwa mwezi shida yake iko upande wa pili. Bili zake zinaendana na mshahara, ila chakula kinavutwa kwa siku 30. Tunaijua Januari: mwajiri akilipa mapema, Desemba 20, na mshahara unaofuata ukaja Januari 31, hizo ni siku 42 kwa mshahara mmoja, hata kabla ya kuhesabu sikukuu na ada za shule.

Siku 364 za wiki 52 haziutoshi mwaka, na siku inayobaki hujikusanya. Ndiyo maana mara moja kwa takriban miaka 11 huja mwaka wa cheki 27. Waliolipwa Ijumaa ya Januari 2, 2026 wamo: zamu yao ya mwisho inaangukia Januari 1, 2027, siku ambayo benki zimefungwa, na kwa kawaida malipo huvutwa hadi Desemba 31. Wa saa hapotezi kitu, kwani kila saa inalipwa. Mwenye mshahara wa mwaka aiulize ofisi ya mishahara mapema, kwa sababu waajiri wengine hugawanya mshahara huo kwa 27 badala ya 26. Kwa mshahara wa dola 52,000, kila cheki inashuka kutoka 2,000 hadi karibu 1,926 kabla ya makato, na nusu ya bili haipungui.