Deni la Betri ya Bodaboda

Betri ya pikipiki ya umeme inapofungwa kwenye bodaboda jijini Nairobi, tayari imeshachafua hewa kabla ya kubeba abiria wa kwanza. Wanaoyapinga magari ya umeme hupenda kulitaja jambo hilo, na si uongo. Swali ni betri hiyo inachukua muda gani kulilipa deni lake.

Tuchukue betri ya kawaida ya bodaboda, inayohifadhi umeme wa yuniti 3, zilezile tunazonunua kwa tokeni. Nyingi za aina hii hutengenezwa kwa chuma na fosfeti, bila kobalti. Ndani yake mna lithiamu gramu 300 hivi na kinywe kama kilo 3, pamoja na shaba na alumini. Lithiamu ni kidogo, lakini kuipata ni kazi ya moto: mwamba unaochimbwa Australia huchomwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, mara nyingi nchini China, ambako zaidi ya nusu ya umeme hutokana na makaa ya mawe. Kinywe cha kutengenezwa kiwandani ndicho kinachotisha zaidi, kwa kuwa hupikwa hadi karibu nyuzi 3,000. Kinywe cha kuchimbwa, kama kile kilichomo ardhini kule Mahenge, Morogoro, hakihitaji moto wa kiasi hicho.

Kisha kuna kiwanda chenyewe. Rojo la madini hupakwa juu ya karatasi nyembamba za shaba na alumini, likapitishwa kwenye tanuri refu likauke. Baada ya hapo kazi huendelea katika vyumba ambavyo hewa yake imekaushwa usiku na mchana, maana unyevu kidogo tu huiharibu betri. Ukaushaji huo ndio unaokula umeme mwingi kiwandani. Kwa kila yuniti 1 ambayo betri itaweza kuhifadhi, kiwanda hutumia takriban yuniti 50. Ukijumlisha kuanzia mgodini, kila yuniti ya betri huja na hewa ukaa ya kilo 60 hadi 100. Tukichukua kilo 80, betri yetu inadaiwa kilo 240.

Sasa tuingie barabarani. Bodaboda anayetembea kilomita 120 kwa siku huchoma petroli lita 3 hivi. Lita moja, pamoja na uchafuzi wa kuichimba, kuisafisha na kuisafirisha, hutoa kama kilo 2.8, kwa hiyo siku nzima ni kilo 8.4. Pikipiki ya umeme kwa safari hizohizo hutumia yuniti 6, ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa ni wa mvuke wa Olkaria, maji na upepo, na yuniti moja hutoa takriban gramu 100 tu. Hiyo ni kilo 0.6 kwa siku. Tofauti ni kilo 7.8, na deni la kilo 240 linaisha kwa mwezi mmoja.

Mwezi mmoja! Lakini hesabu hiyo ina mwanya. Kampuni nyingi hubadilishia madereva betri vituoni, na lazima betri nyingine ziwe rafuni zinachajiwa. Zikiwa mbili kwa kila pikipiki, deni nalo ni mara mbili, na mwezi unakuwa miwili. Hata saa ya kuchaji ina uzito wake: jioni, watu wote wakiwa wamewasha taa na majiko, mitambo ya mafuta huongezwa, usiku wa manane mvuke wa Olkaria hubaki bila mtumiaji.

Linganisha na gari la kifahari lenye betri ya yuniti 60. Deni lake ni kilo 4,800. Mwenye gari hilo anayetembea kilomita 30 kwa siku jijini Nairobi ataokoa kilo 6 hivi kila siku, kwa hiyo atalilipa kwa zaidi ya miaka miwili. Mpeleke Johannesburg, ambako umeme ni wa makaa ya mawe na yuniti hutoa karibu gramu 900, na safari hiyohiyo itamchukua karibu miaka 8. Ndiyo maana naona ruzuku ya umma ingeanza kwa bodaboda na matatu, si kwa gari linaloshinda limeegeshwa.

Betri ya bodaboda huweza kuchajiwa mara 2,000 na zaidi kabla haijachoka. Nyingi zinazokufa mapema hazichoki zote: seli moja hudhoofika kwa joto au maji, na kifaa kinachozilinda huzima betri nzima. Dereva huligundua pale pikipiki inapozimika ghafla mlimani huku kioo kikionyesha chaji bado ipo. Fundi mwenye kipimo cha volti huipata seli hiyo na kuibadilisha, ikiwa tu mtengenezaji alifunga kasha kwa skrubu. Akilijaza gundi, hakuna fundi atakayelifungua, na betri mpya italetwa na kilo zake 240.