Picha ya Shamba Lililoharibika: Kwa Nini Dai la Bima Hukwama Hata Hasara Ikiwa ya Kweli

Wateja wengi hulipia bima ya mimea kwa simu, na fidia ikitoka inaingia kwa simu hiyo hiyo. Ndiyo maana dai likikwama, wa kwanza kupigiwa ni sisi. Ujumbe unaoleta maswali mengi ni ule mfupi wa kusema picha "imetumika hapo awali". Mkulima anashangaa. Mahindi yamekauka, jirani wameona, chifu ameona, sasa picha imetumika wapi tena?

Kwanza tuseme wazi: anayekagua picha ni kampuni ya bima, si sisi. Lakini ukijua kinachokaguliwa, utapiga picha isiyokwama.

Kwa nini wanataka picha? Ni hesabu tu. Mkulima wa ekari moja analipa bima kidogo, na kumtuma mkaguzi kwa bodaboda hadi kwake kunaweza kula pesa yote aliyolipa. Bima za mwanzo, kama Kilimo Salama iliyoanza 2009, zilipima mvua kwenye kituo cha hali ya hewa na kulipa kwa M-Pesa bila mtu kwenda shambani. Shida ni kwamba mvua inaweza kunyesha kituoni na kwako isidondoke hata tone. Baadaye taasisi ya utafiti ya IFPRI ikajaribu bima ya picha na wakulima wa ngano huko Haryana na Punjab, India, kisha hapa Kenya pamoja na ACRE Africa. Wazo lao ni rahisi: piga shamba lako mara kadhaa, kutoka mahali pale pale, tangu mbegu ichipuke hadi mavuno.

Angalia pia bima yako ni ya aina gani. Mpango wa serikali ulioanza 2016 na mahindi ya Bungoma, Embu na Nakuru hupima mavuno ya eneo zima kwa kuvuna vipande vya mashamba yaliyochaguliwa. Ukiwa kwenye bima ya namna hiyo, picha ya shamba lako haibadilishi kitu, hata iwe nzuri vipi.

Sasa tuchukue mfano. Mama mmoja wa Mwala, Machakos, ana ekari moja na nusu. Amepanda mwisho wa Oktoba, mvua imekatika Novemba haijaisha, na kufikia Januari mahindi yamekauka kabla hayajatoa ndevu. Simu yake ni kabambe. Yuko kwenye kikundi, na kijana wa kikundi ndiye mwenye simu ya kupiga picha. Jua ni kali na mashamba yako mbali mbali, kwa hivyo kijana anapiga picha kwenye shamba la kwanza kando ya barabara, anaikata pembeni kidogo, na kuituma kwa majina ya watu sita. Kiangazi ni kimoja, si ndiyo? Madai yote sita yanafungwa siku hiyo hiyo.

Kompyuta ilijuaje? Haitazami picha kama wewe unavyoitazama. Inaipunguza mpaka ibaki miraba michache sana, tuseme tisa kwa upana na minane kwa urefu, bila rangi, mwanga na giza tu. Halafu kwa kila mraba inauliza: huu una mwanga kuliko jirani yake wa kulia? Ndiyo au hapana. Majibu yanakuwa 64, na hayo 64 ndiyo alama ya vidole ya picha. Ukiipunguza picha ukubwa, ukiipitisha kwa WhatsApp, ukiiongeza mwanga, majibu yanabaki karibu yale yale. Picha mbili za mashamba tofauti hutofautiana kwa majibu mengi. Picha moja iliyotumwa mara mbili hutofautiana kwa machache tu. Kampuni ndiyo inayoamua ni machache kiasi gani ya kutosha kuweka dai pembeni.

Njia hii ina udhaifu wake. Picha ikigeuzwa kulia iwe kushoto, majibu yanavurugika, ndiyo maana mfumo mzuri hukagua pia picha ile ikiwa imegeuzwa. Ikikatwa sana pembeni inaweza kupita. Na upande wa pili, mahindi ni mahindi: mbingu juu, mistari katikati, udongo chini. Mashamba mawili halali yanaweza kufanana mbele ya kompyuta. Kwa hivyo kompyuta haifai kukataa dai peke yake. Kazi yake ni kuinua mkono, kisha mtu aangalie.

Na mtu huyo hatazami mahindi kwanza. Anatafuta vitu visivyojirudia: nguzo ya ua iliyoinama, jiwe, mti wenye tawi lililovunjika, mstari wa vilima kwa mbali. Katika picha sita za mfano wetu, nguzo ile ile iliegemea waya ule ule. Hapo hakuna ubishi. Kinachosikitisha ni kwamba ni mkulima mmoja tu kati ya sita aliyekuwa na picha yake mwenyewe, na hata yeye alifungiwa pamoja na wengine.

Kuna jambo lingine ndani ya picha ambalo halionekani. Simu huandika tarehe, saa, aina ya simu, na ikiwa umeruhusu, mahali ulipo. Ukituma picha kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, taarifa za mahali huondolewa njiani. Ukiituma kama Document, zinabaki. Kwa hivyo picha isiyo na mahali si ushahidi wa udanganyifu, inaweza kuwa imepita tu kwenye grupu. Tarehe nayo si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofungwa. Simu iliyozima chaji ikiwaka inaweza kuwa na tarehe ya miaka iliyopita, na mwenye nia mbaya anaweza kuibadilisha akitaka.

Jua ndilo halibadilishwi. Hapa Machakos mapema Januari, saa sita na nusu mchana, jua liko juu, likielekea kusini kidogo. Bua la mita mbili linatupa kivuli kisichofika mita moja, na kinaelekea kaskazini. Kivuli kirefu kuliko mmea wenyewe ni cha asubuhi kabla ya saa nne hivi, au jioni baada ya saa tisa na robo hivi. Picha inayosema ni ya saa sita mchana lakini mabua yana vivuli virefu mpaka mstari wa tatu, hiyo ina maswali ya kujibu. (Siku ya mawingu mkaguzi hana bahati, hakuna kivuli cha kupima.)

Tuje kwa picha za kutengenezwa, pale mtu anapoharibu shamba au sehemu yake ili apate fidia. Hapa mmea wenyewe ndio shahidi. Kiangazi huchukua muda: majani hujikunja kama mrija, yale ya chini hukauka kwanza, ya juu hufuata, na magugu pembeni pia yananyauka. Bua lililokatwa kwa panga halina historia hiyo. Lina mkato laini wa mshazari, majani yamelegea lakini bado ni kijani, na mabua yote yamekatwa karibu urefu mmoja. Upepo hulaza mahindi yakielekea upande mmoja. Mvua ya mawe huchana majani yakawa nyuzi nyuzi. Viwavi jeshi huacha matundu yenye kingo zilizotafunwa, na kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa mmea.

Ujanja unaowachanganya wakaguzi wapya ni wa shamba lililokwisha kuvunwa. Mabua makavu ya baada ya mavuno, ukiyaona kwa mbali, yanafanana kabisa na mahindi yaliyouawa na kiangazi. Ukikaribia unaona tofauti: maganda yamefunguliwa na bado yananing'inia kwenye bua, lakini gunzi halimo. Mahindi yaliyokauka kabla ya ndevu hayana maganda ya kufunguliwa.

Mpunga una taabu yake tofauti kidogo. Kule Mwea, suke lililoliwa na kwelea kwelea linaweza kusimama wima na kuonekana zuri kwenye picha ya mbali. Bila picha ya karibu ya suke tupu, mkulima mwenye hasara ya kweli anaonekana hana shida yoyote.

Lakini udanganyifu wa kawaida hauna panga. Ni kupiga kona moja mbovu kana kwamba ndiyo shamba zima. Ndiyo sababu utaombwa picha ya mbali na ya karibu.

Kwa mama wa Mwala, kilichobaki ni kupiga picha upya, na hapo ndipo kuna hatari kubwa kuliko ile ya kompyuta. Wengi wetu mahindi yakishakufa tunakata mabua tunawapa ng'ombe, na nani atakulaumu, ng'ombe lazima wale. Lakini shamba likishafyekwa hakuna cha kupiga. Kabla hujakata, uliza kampuni ya bima, na kama huwezi kungoja, acha angalau kipande cha katikati na cha pembeni vikiwa vimesimama mpaka dai liamuliwe.

Picha zenyewe azipige mtu yeyote, hata kwa simu ya kuazima, mradi zipigwe kwenye shamba lako na shamba lako peke yake. Washa Location kwenye kamera na uhakikishe tarehe ya simu ni sahihi. Simama kwenye kona ile iliyotumika wakati wa kusajili, upige shamba lote na kitu kisichohama kikionekana, mti au nyumba. Tembea hatua ishirini ndani upige tena, kisha piga mimea miwili mitatu kwa karibu, ukimenya moja kama lina gunzi ili ndani paonekane. Tuma kupitia apu ya bima, au kama Document. Skrinshoti usitume kabisa, kwa sababu inabeba tarehe ya skrinshoti na si ya picha.

Dai likiwa tayari limefungwa, usitume tu picha nyingine na kungoja. Uliza kwa maandishi picha yako imefanana na ya dai lipi, la tarehe gani, na uombe mtu aje shambani. Kama kijana wa kikundi alituma moja kwa wote, sema hivyo hivyo ilivyokuwa, na umtaje mwenye shamba lililopigwa ili naye afunguliwe. Kampuni isipojibu, malalamiko ya bima hupokelewa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Weka nambari ya dai, jumbe zote na risiti ya malipo uliyotumiwa kwa simu. Hiyo risiti tunaweza kukutolea tena ukiipoteza.