Picha ing'aayo zaidi hushinda kura

Mwaka 2022, mchambuzi wa simu Marques Brownlee alipiga picha za mandhari zilezile kwa simu 16, akaficha majina, kisha akawaonyesha watu picha mbilimbili wachague iliyo bora. Kura zilipita milioni 21. Alama zilihesabiwa kwa mfumo wa Elo wa mchezo wa sataranji: ukimshinda mwenye alama nyingi unapanda sana, ukimshinda dhaifu unapanda kidogo. Aliyeongoza jumla ni Pixel 6a, simu ya bei ya kati.

Mimi nauamini mfumo huo, ila una mtego. Picha mbili zikiwekwa pamoja, jicho hukimbilia yenye mwanga zaidi, hata kama mawingu yameungua yakawa meupe matupu.

Basi ukilinganisha simu mbili dukani, piga mtu mweusi aliyesimama kivulini, nyuma yake anga. Gusa uso wake kwenye kioo cha kila simu ili zipime mwanga mahali pamoja. Piga mara tatu, kwani picha moja yaweza kutikisika. Kisha vuta karibu: tazama kama rangi ya ngozi ni yake, na kama mawingu bado yanaonekana.