Filamu Moja, Skrini Tatu

Chukua filamu fupi ya dakika 10 iliyopigwa Bagamoyo, inayotakiwa kufika kwenye simu, kituo cha televisheni na tamasha la filamu. Wengi hubishana kuhusu HD na 4K, ilhali kinacholeta shida kubwa zaidi ni idadi ya fremu, yaani picha zinazopita katika sekunde moja. Hiyo huamuliwa siku ya kurekodi.

Televisheni za Afrika Mashariki zilirithi mfumo wa PAL, wenye fremu 25. Umeme wetu nao ni wa hezi 50, hivyo fremu 25 na shata ya 1/50 huzuia taa kumetameta kwenye picha. Ukirekodi kwa fremu 24 na kituo kikataka 25, programu ya kuhariri kwa kawaida hurudia fremu moja kila sekunde. Kamera inapogeuka polepole kufuata jahazi, utaiona picha ikishtuka kila baada ya sekunde. Ukiamua kuharakisha filamu yote, dakika 10 hupungua hadi dakika 9 na sekunde 36, na sauti za waigizaji hupanda kidogo zisiporekebishwa.

Basi rekodi kwa 25. Ukimaliza kuhariri, toa kwanza nakala mama: pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25, kodeki ya ProRes 422 HQ. Kodeki ni namna picha zinavyobanwa ndani ya faili. Hii hubana kidogo tu, kwa hiyo dakika 10 hula takriban gigabaiti 14. Nakala zote nyingine zitoke humo, kwani faili lililokwisha kubanwa sana likibanwa tena, anga na vivuli huanza kuonyesha vibokisi.

Kituo cha televisheni kitakupa masharti yake. Fremu 25 zitaingia hata kwenye 1080i bila kubadilishwa. Tamasha huenda likataka DCP, faili la majumba ya sinema, ambalo umbo lake moja la kawaida ni 1998 kwa 1080. Picha yako itakaa katikati na kuacha ukanda mweusi wa pikseli 39 kila upande. Uache ulivyo, maana ukiivuta picha ijaze upana, watu watanenepa. Waulize mapema kama projekta yao inakubali DCP ya fremu 25, kwa sababu nyingine za zamani hupokea 24 tu.

Kwa simu, H.264 ya megabiti 8 kwa sekunde hutoa faili la megabaiti 600 hivi, na karibu kila simu hulifungua. Ugumu uko kwenye umbo la wima. Ukikata wima picha ya 1080, unabaki na upana wa pikseli 608 tu, na ukiukuza hadi 1080 nyuso hufifia. Ukiwa umerekodi kwa 4K, unabaki na 1215, zinazotosha. Hata hivyo, wahusika wawili wanaozungumza wakiwa pembeni mwa fremu hawatatoshea pamoja. Kama toleo la wima ni lazima, wapange karibu siku hiyohiyo ya kurekodi.