Daftari la Picha Linapogeuka Maagizo kwa Mhariri

"Mama anafunga mbegu, picha nzuri sana, dakika ya pili hivi." Madaftari ya wapigapicha yamejaa maneno ya namna hii. Aliyeyaandika anajielewa, lakini mhariri aliyekaa mbele ya kompyuta na kadi tatu za kamera hajui aanzie wapi. Kadi ipi? Dakika ya pili ya nini? Basi hutazama kila kitu upya, na kazi ya siku moja inakuwa ya siku tatu.

Dawa yake ni orodha ya mikato, ambayo wahariri huiita EDL. Ni faili la maandishi matupu, lisilo na picha hata moja. Muundo wake unaotumika zaidi, CMX 3600, ni urithi wa kampuni ya Kimarekani ya CMX, iliyoanzishwa mwaka 1971 na CBS na Memorex, enzi za mikanda. Mikanda imekwenda zake, lakini Premiere Pro na DaVinci Resolve bado zinausoma.

Tuchukue filamu fupi ya wakulima wa mwani wa Paje, Unguja, iliyopigwa kwa fremu 25 kwa sekunde. Daftari linasema: kadi ya kwanza, klipu C0012, dakika 2 na sekunde 14, mama anafunga mbegu kwenye kamba. Kwenye dakika 2 na sekunde 55, mikono kwa karibu. Kadi ya pili, mama anaeleza bei. Maneno yake yaendelee, ila mwishoni tuone mikono.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Hizo dakika mbili zimesomwa kwenye simu au kompyuta, ambayo huhesabu kila klipu kuanzia sifuri. Orodha inataka taimukodi, yaani saa ambayo kamera yenyewe imeiandika ndani ya picha: saa, dakika, sekunde, fremu. Klipu yetu inaanzia 10:41:07:00. Jumlisha dakika 2 na sekunde 14, unapata 10:43:21:00. Mikono inaangukia 10:44:02, na ukisogeza fremu tano mbele ili kukwepa mtikisiko, unaandika 10:44:02:05. Ukisahau kujumlisha, programu itakuambia haioni picha, au mbaya zaidi, itakuletea picha nyingine kabisa.

Orodha inakuwa hivi:

```
TITLE: MWANI
FCM: NON-DROP FRAME

001  KADI01  V  C  10:43:21:00 10:43:29:00 01:00:00:00 01:00:08:00
002  KADI02  V  C  11:05:40:10 11:05:47:20 01:00:08:00 01:00:15:10
003  KADI02  A  C  11:05:40:10 11:05:52:20 01:00:08:00 01:00:20:10
004  KADI01  V  C  10:44:02:05 10:44:07:05 01:00:15:10 01:00:20:10
```

Kila mstari una namba, jina la kadi, kisha V kwa picha au A kwa sauti, na C kwa mkato wa kawaida. Saa mbili za kwanza ni za kamera: anzia hapa, ishia hapa. Mbili za mwisho ni mahali kipande kinapokaa ndani ya filamu, ambayo kwa mazoea huanzishwa saa 01:00:00:00. Tazama mstari wa 2 na wa 3: mama yuleyule, ila picha yake inakatika baada ya sekunde 7 na fremu 10, huku sauti ikiendelea hadi sekunde 12 na fremu 10. Pengo la picha linazibwa na mikono ya mstari wa 4.

Saa ya kuishia haihesabiwi ndani ya kipande. Ni fremu inayofuata ile ya mwisho. Ndiyo maana 08:00 inafunga mstari wa kwanza na papo hapo inafungua wa pili. Anayeandika 07:24 akidhani anakuwa makini huacha fremu moja nyeusi, na mtazamaji huiona kama kupepesa kwa taa. Kumbuka pia kwamba baada ya fremu 24 inakuja sekunde mpya. Ili kujikagua, urefu wa kipande upande wa kamera lazima ulingane na urefu wake upande wa filamu.

Kuna kosa lisiloweza kurekebishwa mezani kirahisi. Kamera ikiwekwa irudishe saa kwenye sifuri kila inapoanza kurekodi, klipu kumi za kadi moja zitakuwa na taimukodi zinazofanana, na jina KADI01 halitazitenganisha. Iweke iendeleze hesabu, na uipe kila kadi jina lake siku ileile. Muundo wa asili unakubali herufi nane tu.

Usiitegemee orodha hii kwa rangi, maandishi ya kwenye kioo au picha za tabaka nyingi, kwa kuwa inabeba njia moja tu ya picha. Hayo yaandikie mhariri kwenye karatasi ya pembeni, ukitaja namba ya mstari unaouzungumzia.