Baki la karo na karatasi ya matokeo

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne Kenya, KCSE, hutangazwa Januari, na siku hiyo hiyo mtahiniwa huyaona kwenye simu. Shida huanza wiki chache baadaye, chuo kinapotaka karatasi yenyewe na mhasibu wa shule anasema, "Kuna baki. Lipeni kwanza."

Karatasi zenyewe ni mbili. Ile ya matokeo hutangulia, na miezi kadhaa baadaye hufuata cheti. Sheria ya Baraza la Mitihani la Kitaifa ya mwaka 2012, kifungu cha 10, inasema cheti hakitazuiliwa na mtu wala taasisi yoyote. Kifungu hicho kinataja cheti na diploma, lakini karatasi ya matokeo hakiitaji kwa jina. Kwa hiyo Februari, kijana anapoihitaji karatasi, barua ya mzazi yenye mpango wa malipo unaoeleweka ina nguvu kuliko kumtajia mwalimu mkuu sheria. Deni nalo halifutiki kwa sababu cheti kimetolewa, na shule ina haki ya kulidai.

Kabla ya kuandika chochote, omba taarifa ya karo ya miaka yote minne na uilinganishe na risiti zako. Mara nyingi hapo ndipo baki linapopungua. Hundi ya basari ya NG-CDF au ya kaunti huja shuleni ikiwa moja na orodha ndefu ya majina, na jina moja likirukwa, pesa za mwanao zinakaa zisiingizwe kwenye akaunti yake. Angalia pia kama kuna michango, tuseme ya basi au ya bweni jipya, iliyoongezwa juu ya karo. Kama hukuelezwa habari zake, uliza kwa maandishi ilipitishwa na nani.

Tuchukue mfano wa mama mkulima wa majani chai Kericho. Taarifa inasema anadaiwa shilingi 38,400. Anaonyesha barua ya basari ya 5,000 ambayo haikuingizwa, na baki linakuwa 33,400. Papo hapo analipa 5,400 benki. Zimebaki 28,000.

Kishawishi ni kuahidi 5,000 kila mwezi ili mwalimu mkuu afurahi. Mwezi wa tatu ahadi hiyo itakuwa imevunjika, na karatasi inayofuata itaombwa kwa shida zaidi. Mama huyu hulipwa na kiwanda kila mwezi, halafu hupata bonasi baada ya mwaka wa chai kwisha. Akilipa 1,500 kila mwezi kwa miezi 12, hizo ni 18,000, na 10,000 zilizobaki zitoke kwenye bonasi. Bonasi nayo si ya kuegemewa sana. Mwaka 2025 ilishuka, na wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wakalalamika. Ndiyo maana mzigo mkubwa ameuweka kwenye malipo ya kila mwezi, na tarehe amechagua ile inayofuata siku ya malipo ya kiwanda.

Barua ikae ukurasa mmoja. Chini ya "KUH:" taja jina la mwanafunzi, nambari yake ya usajili shuleni na ile ya mtihani. Kisha uende moja kwa moja:

"Nakubali baki la Sh28,000 baada ya malipo ya leo (nakala ya stakabadhi ya benki imeambatishwa). Nitalipa Sh1,500 tarehe 10 ya kila mwezi kuanzia Machi, kwa miezi 12, na Sh10,000 nikipata bonasi, kabla ya Novemba kwisha. Naomba mwanangu apewe karatasi ya matokeo sasa kwa kuwa chuo kinaitaka tarehe 24 mwezi huu, na cheti kitakapofika shuleni."

Tarehe ya chuo isikosekane, maana bila hiyo barua huwekwa ikingojea mkutano wa Bodi ya Usimamizi. Hadithi ya ugonjwa na kiangazi iache kwa mazungumzo ya ofisini, na uende na nakala mbili. Moja igongwe mhuri na kutiwa tarehe, nawe urudi nayo nyumbani. Anayetia sahihi ni mzazi, aliyekuwa akilipa karo, si kijana. Malipo yapite kwenye akaunti ya shule kwa nambari ya usajili, kwa sababu pesa taslimu zikikabidhiwa mtu bila risiti, mwakani utabishana upya.

Wengi hukubaliwa nusu: shule inatoa nakala iliyothibitishwa kwa mhuri na kubaki na ya asili. Ulizia chuo kwanza kama kitaipokea. Chuo pia kinaweza kupata uthibitisho wa matokeo kutoka Baraza la Mitihani lenyewe, ukiuomba na kuulipia mtandaoni. Cheti kikifika na shule ikakataa kukitoa, sasa kitaje kile kifungu cha 10 katika barua ya pili, na nakala yake umpelekee mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Huku nyuma, zile 1,500 endelea kuzilipa kila tarehe 10.